Komunike ya safari ya Kipopo: tuandike nini ili mzazi asibaki na swali?

Mwalimu_Katuba

Wapendwa wazazi na walimu wenzangu wa Lubumbashi, ninaomba msaada wenu. Ninafundisha darasa la tano la msingi, zamu ya mchana, na mwezi wa sita tunataka kuwapeleka watoto Kipopo waone mabwawa ya samaki na mashamba ya majaribio. Mkuu wa shule amenipa kazi ya kuandika komunike ya wazazi, naye amenionya kwamba hataki kuona tena kama ile ya mwaka jana. Ile nilikuwa nimeiandika ubaoni, watoto wakainakili katika madaftari yao, nayo ilisema hivi: «Jumamosi safari ya Kipopo. Kuondoka saa moja. Dola 7. Watoto wavae vizuri.»

Nitaeleza yaliyotokea ili muone ninakotoka. Watoto watatu walifika shuleni saa saba mchana, wakati basi lilikuwa limeondoka tangu asubuhi. Wazazi wao walisoma «saa moja» kwa hesabu ya Kifaransa, wakaona ni saa 13:00, na hawakuwa na sababu ya kutilia shaka, kwa kuwa watoto wetu wa zamu ya mchana huingia darasani karibu na muda huohuo. Jioni tulichelewa kurudi, giza likaingia, na wazazi zaidi ya ishirini walikuwa langoni bila mtu hata mmoja wa kuwaambia tuko wapi. Kuhusu fedha, wengine walileta dola zenye mpasuko ambazo mwenye basi alizikataa, na wengine walileta faranga, kila mmoja kwa hesabu ya mbadilishaji wa mtaani kwake.

Swali langu ni hili: komunike ya ukurasa mmoja iseme nini, na kwa maneno gani?

MamaWaRuashi

Mwalimu, mimi ningeuliza kwanza kwa nini Kipopo. Bustani ya wanyama iko hapahapa mjini, na Jumba la Makumbusho la Taifa pia. Huko watoto hawafiki karibu na maji, na usafiri ni rahisi zaidi.

Mwalimu_Katuba

Asante, Mama. Mahali pamekwisha kuamuliwa pamoja na komite ya wazazi, kwa sababu somo la muhula huu ni ufugaji wa samaki. Ninachotafuta ni namna ya kuandika karatasi.

Mkuu_mstaafu_Kenya

Niliongoza shule ya msingi hapa mtaani Kenya kwa miaka mingi, na komunike za safari nilizotia sahihi sizihesabu tena. Nitaanza na saa, kwa maana hapo ndipo ulipoumia.

Usiandike saa kwa namna moja tu. Andika «saa moja kamili asubuhi (07:00)» na «saa tisa na nusu alasiri (15:30)». Tarakimu nne humtosha anayehesabu kwa Kifaransa, maneno humtosha anayehesabu kuanzia mapambazuko, na neno asubuhi au alasiri huwafungia wote wawili mlango wa kukosea. Ongeza kwamba ni saa ya Lubumbashi. Mtaniona mzee mwenye vituko, lakini nimewahi kuwa na mzazi aliyekuwa safarini Kinshasa akimwelekeza dada yake kwa simu saa ya kumchukua mtoto. Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa moja, na yule dada alifika langoni saa nzima baada ya wenzake wote kuondoka.

Halafu tenganisha saa tatu ambazo watu huzichanganya: saa ya mtoto kufika shuleni, saa ya basi kuondoka, na saa ya kuwachukua watoto. Ukiandika saa ya kuondoka peke yake, mzazi atamleta mtoto saa hiyohiyo, nawe utahesabu watoto huku injini inanguruma. Mimi niliandika dakika 45 kati ya kufika na kuondoka, na nilisema wazi kwamba basi halimngoji mtu baada ya saa iliyoandikwa.

Ama saa ya kurudi, usiahidi dakika moja. Andika muda wenye mwanzo na mwisho, kwa mfano kati ya 15:30 na 16:30, ukizingatia kwamba mwezi wa sita hapa kwetu jua huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Muda wako wa mwisho ukiwa 17:30, basi likichelewa kidogo tu watoto watashuka gizani.

Dereva_wa_Kampemba

Mimi ni mwenye basi, si mwalimu, ila nimebeba shule nyingi. Ninakubaliana na Mkuu, lakini kuna jambo amelisahau. Andikeni kwamba watoto wote watashukia shuleni, na kwamba hakuna atakayeshushwa njiani. Kila safari, tukikaribia mjini, utasikia: «Papa dereva, nishushe hapa kwenye njia panda, kwetu ni pale.» Mwalimu aliyechoka hukubali, mtoto hushuka, na mama yake yuko langoni kwa shule anamngoja. Komunike ikisema hivyo, mimi nina karatasi ya kumwonyesha mtoto, na mwalimu hana haja ya kubishana.

Jambo la pili: nilipwe nusu kabla ya siku ya safari. Watu husema wenye mabasi ni wachoyo, lakini mafuta siyanunui kwa ahadi. Ndiyo maana tarehe ya mwisho ya kulipa isiwe siku ya kuamkia safari.

Mwalimu_Katuba

Hilo la njia panda lilinipata mwaka jana, Papa, na sikulitaja kwa aibu.

Nisaidieni upande wa fedha. Darasa lina watoto 40 na tutakuwa wasimamizi 4. Basi la viti 45 tumeelewana dola 140. Mahali penyewe wanaomba dola 1 kwa kila mtoto, na wakubwa hawalipi. Mkate na maji ni dola 1 kwa kila mtu, wakubwa wakiwemo. Nimeweka dola 16 za dharura. Je, niandike jumla tu, au haya yote?

Mhasibu_Bel_Air

Andika yote, Mwalimu, maana ni mistari minne tu. Lakini kabla ya kuandika, angalia hesabu yako inavyobadilika watoto wakipungua.

Wakienda wote 40, basi ni 140, kiingilio ni 40, chakula cha watu 44 ni 44, dharura ni 16. Jumla ni 240, yaani dola 6 kwa mtoto. Sasa chukua watoto 30. Basi linabaki 140, kwa sababu mwenye basi hauzi viti, anauza safari. Kiingilio ni 30, chakula cha watu 34 ni 34, dharura 16, jumla ni 220. Gawanya kwa 30, utapata zaidi ya dola 7 na senti 30. Ukiwa umetangaza dola 6, utakusanya 180 na kuingia njiani na pengo la dola 40, ambalo najua litatoka mfukoni mwa nani.

Ukitangaza dola 7, idadi inayotosha ni watoto 32: 140 na 32 na 36 na 16 ni 224, na 32 mara 7 ni 224 kamili. Kwa hiyo komunike iseme bei ni dola 7, iseme safari itafanyika ikiwa watoto wasiopungua 32 watakuwa wamelipa kufikia tarehe fulani, na iseme ikiwa hawakufika idadi hiyo kila mtu atarudishiwa fedha yake yote siku fulani. Tena iseme ziada itaenda wapi. Wakilipa wote 40 mtakuwa na 280 mkononi na matumizi ya 240. Dola hizo 40 zikinyamaziwa, maneno ya mtaani yataanza kabla basi halijarudi.

Kuhusu faranga, weka kiasi kamili cha faranga katika komunike, kwa bei ya siku mnayoiandika, na useme kiasi hicho hakibadiliki hadi tarehe ya mwisho. Bei ikicheza kidogo, ile dharura itaibeba. Na sema dola zilizochanika hazipokelewi. Sisi sote tunajua, lakini mtoto anayetumwa asubuhi na noti hajui.

Raia_Mwema_243

Samahani, mnajadili bei wakati jambo lenyewe haliruhusiwi. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za umma, na tangu mwaka wa shule ulioanza Septemba 2019 serikali imeanza kukitekeleza. Mwalimu hawezi kuomba hata faranga moja.

Mkuu_mstaafu_Kenya

Ndugu, Kifungu umekitaja sawasawa, lakini umekivuta kupita urefu wake. Hakuna aliyesema mtoto asipolipa atafukuzwa darasani. Safari ya hiari iliyokubaliwa na wazazi si karo. Hata hivyo umenikumbusha sentensi ambayo ni lazima iwemo: kwamba kushiriki ni hiari, kwamba asiyekwenda hatapunguziwa alama, na kwamba Jumatatu somo litarudiwa darasani kwa wote. Mwalimu akiwapa mtihani juu ya samaki waliowaona Kipopo, hapo hiari imekwisha, na mimi nitasimama upande wako.

Raia_Mwema_243

Hiari ya maskini mbele ya darasa zima ni hiari gani, Mkuu? Watoto 34 wanapanda basi, 6 wanabaki nyumbani, na wote wanajua kwa nini.

Mhasibu_Bel_Air

Hapo ndipo ziada inapoweza kufanya kazi. Wakilipa 34, mnakusanya 238. Matumizi ya watoto 34 ni 228. Zinabaki 10, na mtoto anayeongezeka anaongeza gharama ya dola 2 tu, ya kiingilio na chakula, kwa sababu basi limekwisha kulipwa. Zile 10 zinapeleka watoto 5. Komunike inaweza kusema: «Ziada yoyote itawasaidia watoto ambao familia zao hazikuweza kulipa, nao hawatatajwa majina.» Ila uamuzi huo ni wa komite ya wazazi, si wa mhasibu wa mtandaoni.

Papa_wa_Wanne

Mimi nashauri mzazi atie sahihi kwamba shule haitawajibika kwa ajali yoyote. Kule mwanangu wa kwanza anakosoma wanafanya hivyo, na mambo yanakuwa safi.

Wakili_wa_Kamalondo

Papa, sahihi ina kazi, lakini si kazi hiyo. Sheria yetu ya madeni na mikataba, ile dekreti ya 30 Julai 1888 ambayo bado inatumika, inasema katika vifungu vya 258 na 259 kwamba mtu hulipa hasara aliyoisababisha kwa kosa lake, hata kama kosa ni uzembe. Kifungu cha 260 kinamtaja mwalimu waziwazi, kwamba anajibia hasara inayosababishwa na wanafunzi wake wakati wako chini ya uangalizi wake, isipokuwa akithibitisha kwamba hakuweza kuizuia. Mwalimu akiwaacha watoto wacheze kando ya bwawa bila msimamizi, karatasi ya mzazi inayosema shule haitawajibika kwa ajali «yoyote» haitamwosha.

Kazi ya sahihi ni kuthibitisha kwamba mzazi alijua mahali, siku, saa, usafiri na hatari, akakubali mtoto wake aende. Kwa hiyo usiandike «ninamruhusu mtoto wangu aende safari», maana hapo amekubali kitu kisicho na umbo. Andika: «Ninamruhusu mtoto wangu aende Kipopo tarehe fulani, kwa basi, na nimesoma kwamba mahali hapo pana mabwawa na ziwa, na kwamba kuogelea hakuruhusiwi.» Mwalimu, hilo la maji usilifiche kwa kuogopa kwamba wazazi watakataa. Mzazi aliyekataa kwa sababu ya maji amekusaidia kuliko yule aliyekubali bila kujua.

Na sahihi iwe ya mzazi au mlezi anayeishi na mtoto, pamoja na jina lake lililoandikwa kwa herufi za kusomeka. Nimeona kuponi zilizotiwa sahihi na kaka wa kidato cha tatu.

MamaWaRuashi

Sasa nimeelewa swali, na nina jambo langu. Mwanangu ana anemi ya SS. Baridi humletea maumivu makali, na akikosa maji ni vilevile. Mwaka mmoja walimpeleka safari mwezi wa saba, komunike ikisema «wavae vizuri», nami nikamvalisha shati jipya jeupe kama anakwenda misa. Dirisha la basi lilikuwa halifungi. Tulilala hospitalini siku nne. Hakuna aliyeniuliza kabla kama mtoto ana ugonjwa, na mimi sikujua kama basi lingekuwa na baridi.

Mwalimu_Katuba

Pole sana, Mama. Nakiri «wavae vizuri» ni maneno yangu pia. Nilimaanisha wawe nadhifu.

Muuguzi_Katuba

Mwezi wa sita na wa saba asubuhi za Lubumbashi hushuka hadi chini ya nyuzi 10, na saa nane mchana mtoto yuleyule anatokwa jasho. Kwa hiyo mavazi yaandikwe kwa tabaka: fulana ndani, sweta nzito juu ambayo mtoto anaweza kuivua na kuifunga kiunoni, soksi, na viatu vilivyofungwa, si kandambili, kwa sababu kingo za mabwawa huteleza. Kofia kwa ajili ya jua. Chupa ya maji ya lita moja yenye jina lake, hata kama shule inatoa maji.

Kwenye kuponi weka swali moja la afya lenye nafasi ya kuandika: «Je, mtoto ana ugonjwa, mzio au dawa ambayo msimamizi anapaswa kuijua?» Lakini kuponi hiyo isikusanywe na kiranja wa darasa. Mzazi aikunje, na mwalimu mwenyewe aipokee. Watoto husoma, na kesho yake jina la ugonjwa linakuwa jina la mtoto. Mama wa mwenye SS aambiwe pia mtoto atakaa wapi ndani ya basi; mbele, mbali na dirisha bovu.

Papa_wa_Wanne

Na sare je? Bluu na nyeupe ndiyo inayowatambulisha. Mtoto akipotea, mtu atajua ni wa shule.

Muuguzi_Katuba

Papa, shati jeupe kwenye vumbi letu jekundu la kiangazi ni adhabu kwa mama atakayelifua. Mimi ningesema suruali au sketi ya bluu ya shule chini, na juu fulana yoyote.

Dereva_wa_Kampemba

Shule moja niliyoibeba iliwafunga watoto kitambaa cha rangi moja mkononi. Kilikuwa kipande cha kitenge cha zamani, hakikugharimu kitu, na hata mimi kwenye kioo niliweza kuwahesabu.

Mkuu_mstaafu_Kenya

Nirudi langoni jioni, kwa sababu naona tumelipita. Kuponi iwe na mistari miwili ya majina: nani atamchukua mtoto, na nani mwingine anaweza kumchukua akikosekana wa kwanza. Mtoto asikabidhiwe mtu asiye kwenye kuponi, hata kama mtoto anamwita mjomba, mpaka mzazi apigiwe simu.

Namba ya simu katika komunike isiwe ya mwalimu aliye safarini peke yake. Wazazi arobaini wakimpigia pamoja, hawezi kuwatazama watoto, na mtandao ukikatika huko wote wataona simu imezimwa na kuwaza mabaya. Weka namba ya mtu anayebaki shuleni. Mwalimu ampigie huyo mara mbili tu: basi likifika Kipopo, na likianza kurudi. Huyo ndiye anayewajibu wazazi na kutuma ujumbe kwenye kundi la Watsapu. Mwaka jana wazazi wako hawakuumizwa na kuchelewa, Mwalimu. Waliumizwa na kukosa wa kumuuliza.

MamaWaRuashi

Na asiyekuja kuchukuliwa? Mtoto abaki na nani, na mpaka saa ngapi?

Mkuu_mstaafu_Kenya

Mimi nilibaki mwenyewe mpaka wa mwisho, siku moja hadi saa mbili usiku. Sikuwahi kuliandika, kwa sababu niliogopa kwamba nikiandika «tutangoja hadi saa fulani», kuna wazazi watakaoifanya hiyo ndiyo saa yao.

Wakili_wa_Kamalondo

Mimi ningeliandika, Mkuu. Mtoto bado yuko chini ya uangalizi wa shule hadi akabidhiwe, na mwalimu mwenye watoto wake nyumbani ana haki ya kujua nani anabaki naye.

Mwalimu_Katuba

Nimekaa na maneno yenu jana usiku. Hii ndiyo rasimu. Kiasi cha faranga na namba ya simu nitavijaza pamoja na katibu.

«Wapendwa wazazi na walezi wa darasa la tano, zamu ya mchana. Jumamosi tarehe 13 Juni tunapenda kuwapeleka watoto Kipopo kujifunza ufugaji wa samaki. Mahali hapo pana mabwawa na ziwa; watoto watatembea kandokando wakiwa na msimamizi mmoja kwa kila kumi, na kuogelea hakuruhusiwi. Kushiriki ni hiari. Asiyekwenda hatapoteza alama, na somo litarudiwa Jumatatu.

Mtoto afike shuleni saa kumi na mbili na robo asubuhi (06:15). Basi litaondoka saa moja kamili asubuhi (07:00), hata kama tuko zamu ya mchana. Watoto watachukuliwa langoni mwa shule kati ya saa tisa na nusu (15:30) na saa kumi na nusu alasiri (16:30), saa ya Lubumbashi. Hakuna mtoto atakayeshushwa njiani. Basi likichelewa, ujumbe utatumwa, na katibu aliye shuleni atajibu simu.

Mchango ni dola 7, au faranga zilizoandikwa hapa chini, kabla ya Ijumaa tarehe 5 Juni: ni wa basi, kiingilio, mkate na maji, na dharura. Noti zilizochanika hazipokelewi. Wasipofika watoto 32 waliolipa, safari haitafanyika, na fedha zote zitarudishwa Jumatatu tarehe 8 Juni.

Mtoto avae fulana, sweta nzito, suruali au sketi ya bluu ya shule, soksi na viatu vilivyofungwa. Abebe kofia na chupa ya maji yenye jina. Asibebe simu wala fedha.

Tafadhali jaza kuponi, uikunje, na uirudishe mkononi mwa mwalimu pamoja na mchango.»

Nitaichapa na kutoa nakala 40, na sitaiandika tena ubaoni. Upande wa nyuma utakuwa kwa Kifaransa kwa wanaopendelea.

Muuguzi_Katuba

06:15 bado kuna giza mwezi wa sita, Mwalimu. Anayetoka mbali atatembea gizani na mtoto.

Mwalimu_Katuba

Kweli kabisa, nimeangalia jioni tu. Nitasogeza kufika kuwe 06:45 na kuondoka 07:30, na Papa dereva ataniambia kama inamfaa.

Dereva_wa_Kampemba

Inanifaa. Lakini ukikata nusu saa asubuhi, kata nusu saa kule, usiiongeze jioni.

Mhasibu_Bel_Air

Sikuona sentensi ya ziada.

Mwalimu_Katuba

Mkuu wa shule ameiondoa. Anasema wazazi wakijua kwamba ziada inawalipia wengine, wapo watakaongoja kulipiwa. Komite inakutana Jumatano, na nitaipeleka huko pamoja na lile swali la mtoto asiyechukuliwa.